Milioni 73 Zisizo Zake: Barua ya Wazi Kuhusu Kodi ya Wakala wa Pesa za Simu

Kwa Kamishna Mkuu wa Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA), na kwa wakuu wa vitengo vya pesa za simu katika kampuni za mawasiliano.

Waheshimiwa,

Salamu kutoka Mombasa. Sisi tunaowaandikia ni watunza hesabu. Kazi yetu ni kuandaa vitabu na ritani za mawakala wa pesa za simu, wale wa Likoni penye kivuko, wa sokoni Kongowea, wa Changamwe na wa Mwembe Tayari. Tunaomba mambo mawili yanayokwenda pamoja: KRA iseme kwa maandishi ni ipi hasa pesa ya wakala inayotozwa kodi, na kampuni zimpe wakala karatasi ya kila mwezi inayothibitisha pesa hiyo. Bila hayo mawili, wakala mwaminifu hulipa zaidi ya anachodaiwa, au hujikuta na deni ambalo hakulijua.

Tuanzie kwenye muamala mmoja, kwa maana fujo yote inatoka hapo. Mteja wa M-Pesa anakuja kutoa shilingi 1,000. Kwenye akaunti yake zinatoka 1,029, kwa kuwa ada ya kutoa kiasi hicho ni shilingi 29. Wakala anampa noti ya 1,000, na floti ya wakala, yaani salio la pesa kwenye laini yake ya kazi, inapanda 1,000. Zile 29 hazikupita mkononi mwa wakala wala kwenye floti yake. Zimekwenda moja kwa moja kwa kampuni, na ndani yake umo ushuru wa bidhaa wa asilimia 15 uliowekwa na Sheria ya Fedha ya 2023, ambao kampuni yenyewe ndiyo huulipa. Wakala alikuwa na shilingi 1,000 taslimu, sasa ana 1,000 za floti. Hajaongeza wala hajapunguza kitu. Chake ni kamisheni, ambayo atalipwa na kampuni baadaye, na hulipwa hata kwa kuweka pesa, ambako mteja hatozwi chochote.

Sasa tazameni siku nzima. Tuchukue wakala anayefungua asubuhi na taslimu 60,000 na floti 90,000, jumla 150,000. Siku hiyo wateja 83 wanaweka shilingi 138,400 na wengine 71 wanatoa 96,200. Adhuhuri floti inakaribia kwisha, anapanda boda boda kwenda benki kununua floti ya 50,000, na nauli ya kwenda na kurudi ni shilingi 100. Jioni taslimu inapaswa kuwa 52,100 na floti 97,800. Ukijumlisha unapata 149,900, yaani mtaji wa asubuhi ukitoa nauli. Hicho ndicho kipimo cha daftari la wakala: taslimu na floti zikijumlishwa lazima zirudi kwenye mtaji, isipokuwa kwa matumizi yaliyoandikwa au kamisheni iliyoingia. Hakuna haja ya kitabu kikubwa. Safu nne zinatosha, ya taslimu, ya floti, ya jumla na ya maelezo, mradi zifungwe kila jioni kabla ya kufunga mlango.

Jumla isiporudi, tofauti yenyewe mara nyingi hukuonyesha kosa lilipo. Ikiwa ni sawasawa na floti iliyonunuliwa, basi ununuzi umeandikwa upande mmoja tu, au benki imepokea taslimu na floti haijaingia. Ikigawanyika kwa 9 bila kubaki kitu, kwa kawaida tarakimu zimepinduliwa: 6,300 imeandikwa 3,600, na tofauti ni 2,700. Ikiwa ni 1,000 kamili, kagua noti kwanza, kisha utafute mteja aliyewekewa mara mbili. Mawakala wengi tunaowahudumia huyajua haya kwa vidole. Kinachowashinda si daftari la siku, ni kulihamishia daftari hilo kwenye ritani.

Siku ile moja imepitisha 234,600 za kuweka na kutoa. Akifanya kazi siku 26 kwa mwezi kwa kasi hiyo hiyo, mwezi unapitisha 6,099,600, na mwaka 73,195,200. Mtu asiyeijua kazi hii akiitazama taarifa ya laini ya wakala ataona biashara ya milioni 73, tena iliyopita mbali kikomo cha milioni 25 cha kodi ya mauzo ghafi, ile tunayoiita TOT. Lakini hizo ni pesa za wateja zikibadilisha sura tu, noti zikawa floti na floti ikarudi kuwa noti. Tufanye miamala yote 4,004 ya mwezi imemletea wakala huyu kamisheni ya shilingi 38,000, yaani chini kidogo ya shilingi 9.50 kwa muamala. Mapato yake ya mwaka ni 456,000. Kati ya 73,195,200 na 456,000 pana bahari, na hakuna waraka wowote tunaoweza kumpa wakala akauonyesha kwa afisa, ukasema waziwazi kwamba namba ya pili ndiyo mapato.

Ombi letu la kwanza kwa KRA limesimama juu ya sheria yenu wenyewe. Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 470, katika kifungu cha 2, inaweka malipo ya huduma za uwakala pamoja na ada za usimamizi na za kitaalamu, vyovyote yanavyohesabiwa. Kwa sababu hiyo ndipo kamisheni inayofika shilingi 24,000 au zaidi kwa mwezi hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5 kabla haijamfikia wakala mkazi. Kifungu cha 12C nacho kinaziweka ada za usimamizi na za kitaalamu nje ya TOT. Tukivisoma vifungu hivyo kwa pamoja, kamisheni ya wakala haiingii kwenye TOT kabisa. Inatozwa kwa njia ya kawaida, juu ya faida baada ya kutoa gharama. Hivyo ndivyo tunavyoelewa, na hivyo ndivyo tunavyofaili. Hata hivyo tunakutana kila mara na mawakala waliosajiliwa kwenye TOT na mtu wa saiba, wanaolipa asilimia 3 kila tarehe 20 ya mwezi kwa kamisheni ile ile ambayo tayari imekatwa asilimia 5.

Na hapa Mombasa wakala wa peke yake ni wachache. Wengi wamo ndani ya duka la vyakula au la vipuri. Duka likiuza 900,000 kwa mwaka na kamisheni ikawa 456,000, ukizijumlisha unavuka milioni moja, na TOT inaanzia juu ya hapo. Je, kamisheni ihesabiwe katika kupima kama mtu amefika milioni moja, ilhali yenyewe haitozwi TOT? Tunaomba jibu la maandishi. Jibu la mdomo la dirishani halimfai mtu akija kukaguliwa miaka mitatu baadaye.

Tumalize hesabu ya wakala wetu ili mwone kinachopotea. Kamisheni ni 456,000. Gharama zake za mwaka ni pango la kibanda 78,000, nauli za kwenda kununua floti 31,200, stima na bando 16,800, na kibali cha kaunti 7,000, jumla 133,000. Faida ni 323,000. Tutaiacha bima ya afya kando ili hesabu ionekane vizuri. Shilingi 288,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, yaani 28,800, na unafuu wa kibinafsi wa mwaka nao ni 28,800, kwa hivyo zinafutana. Zinazobaki ni 35,000, na kwa asilimia 25 zinazaa kodi ya 8,750. Hiyo ndiyo kodi yake yote ya mwaka. Lakini kampuni imekwisha kukata 1,900 kila mwezi, sawa na 22,800 kwa mwaka. Wakala huyu hadaiwi kitu. Yeye ndiye anayeidai serikali shilingi 14,050.

Sasa tuone inavyokwenda kwa kawaida. Wakala hapati waraka wa kamisheni, anapata ujumbe wa simu kwamba 36,100 zimeingia. Anaandika 36,100. Mwisho wa mwaka kitabu chake kinasema 433,200, anatoa gharama zile zile, anabaki na faida ya 300,200 na kodi ya 3,050. Anailipa kutoka mfukoni bila kudai zile 22,800, kwa kuwa hajui zilikatwa. Jumla ametoa 25,850 badala ya 8,750. Shilingi 17,100 zimepotea kwa sababu ya kuandika kilichoingia badala ya kilichopatikana. Kanuni ni kuandika mistari miwili, wa mapato 38,000 na wa kodi iliyokatwa 1,900, na ndipo 36,100 zioane na ujumbe. Lakini mtu hawezi kuandika mstari ambao hajaonyeshwa.

Kosa la pili ni zito zaidi. Wakala anakwenda saiba mwishoni mwa Juni, foleni ni ndefu, na anafailiwa ritani ya sifuri, yaani ya kusema hakupata kitu. Kwenye PIN yake ya KRA hati za zuio zimekaa zinasema mapato ni 456,000. Mifumo ya KRA ikizilinganisha, na yeye asiwe na gharama alizodai, kodi juu ya 456,000 nzima baada ya unafuu ni 45,400. Ukitoa 22,800 zilizokatwa, anadaiwa 22,600, kabla ya adhabu na riba. Ni wakala yule yule aliyestahili kurudishiwa 14,050. Hati za zuio hutumwa kwa barua pepe iliyosajiliwa na PIN, na barua pepe hiyo mara nyingi ilifunguliwa na saiba siku ya kutafuta PIN, nywila ikabaki huko huko. Basi hati zipo, kisheria zimetumwa, na mwenyewe hajapata kuziona.

Pana jambo jingine dogo linaloharibu vitabu vingi. Kamisheni ikilipwa inaingia kwenye floti, na jioni ile taslimu na floti zinajumlisha 186,000 badala ya 150,000. Wakala anafurahi kwamba mtaji umekua na anaendelea na kazi. Mwezi unaofuata anatoa 30,000 za karo ya shule, anadhani amekula mtaji, na kitabu hakitasema tena kipi ni kipi. Siku ya kamisheni inapaswa kuwa na mstari wake, na pesa za nyumbani zitolewe kwa mstari wake pia. Hilo tunawafundisha sisi; si kazi yenu.

Ila kazi yenu, wakuu wa kampuni, ni hii. Kamisheni hupunguzwa kwa sababu nyingi: muamala umerudishwa, pesa zimewekwa kwenye laini ya mtu asiyekuwepo, kiasi kimoja kimegawanywa vipande ili kuzalisha kamisheni zaidi. Hatulalamikii makato hayo, kwa maana mengine yanastahili. Tunalalamika kwamba makato ya Machi huonekana ndani ya malipo ya Aprili kama pengo lisilo na jina. Wakala aliyehesabu miamala yake kwa kila daraja akatarajia 38,000 anapata kitu kingine, na hawezi kujua kama ni kodi, makato au kosa. Tunaomba taarifa moja kwa kila laini, kila mwezi, inayoweza kupakuliwa kama faili la Excel na pia kusomwa kwenye simu ya kawaida. Ioneshe idadi ya kuweka na ya kutoa kwa kila daraja la kiasi, kamisheni ya kila daraja, makato na tarehe ya muamala ulioyaleta, jumla kabla ya kodi, kodi iliyokatwa na namba ya hati yake, kisha kilicholipwa. Namba zote hizo tayari mnazo, kwa kuwa bila hizo msingeweza kumlipa mtu.

Wakala mdogo, yule anayefanya kazi chini ya wakala mkuu, ndiye anayeumia zaidi, na hapa tunaomba mtusikilize kwa utulivu. Laini ni ya wakala mkuu. Kamisheni hulipwa kwake, na kodi hukatwa kwa PIN yake. Tuseme kibanda kimoja kimezalisha 30,000 kwa mwezi na makubaliano ni asilimia 80 kwa 20. Kampuni inakata 1,500 na kumpa wakala mkuu 28,500. Wakala mkuu anachukua asilimia 20 ya alichopokea, yaani 5,700, na kumpa mdogo 22,800. Mdogo amebeba 1,200 za ile kodi, lakini hati ya 1,500 nzima ina jina la mkubwa. Mdogo hana cha kudai. Akitangaza 24,000 kama mapato, atatozwa kana kwamba hakukatwa kitu.

Wakala mkuu mwenye mhasibu mzuri hufanya vinginevyo: anaandika 30,000 kama mapato yake, anaandika 24,000 kama gharama ya kumlipa wakala mdogo, na kwa kuwa malipo hayo yamefika 24,000 anakata asilimia 5 na kumtolea mdogo hati yake kwenye iTax, mfumo wa KRA wa mtandaoni. Hapo kila mmoja ana hati inayolingana na mapato yake, na mkubwa anadai 1,500 zake zote. Hiyo ndiyo njia iliyonyooka. Hatari yake ni kwamba wapo wanaofanya nusu: wanapitisha makato ya kampuni kwa mdogo, kisha wanakata asilimia 5 yao juu ya hapo. Mdogo anabeba 1,200 mara mbili na kupata hati ya mara moja. Tunaomba kampuni ziandike katika mkataba wa wakala mkuu kwamba mgao uhesabiwe juu ya kamisheni kabla ya kodi, na kwamba wakala mdogo aipate taarifa ya laini anayoiendesha. Na KRA, mwongozo wa ukurasa mmoja wenye mfano kama huu ungezuia ugomvi mwingi.

La mwisho ni gharama. Tangu tarehe 1 Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya kielektroniki ya eTIMS haikubaliki katika kupunguza mapato. Kwa mwenye duka la jumla hilo linawezekana. Kwa wakala, gharama kubwa mbili ni mwenye kibanda na boda boda. Kwenye mfano wetu nauli ya floti ni 31,200 kwa mwaka, nayo ni gharama ya kweli kabisa, kwani bila kwenda benki hakuna kazi. Ikikataliwa, kodi inapanda kutoka 8,750 hadi 16,550. Pango la kibanda nalo likikataliwa, faida ya kwenye karatasi inakuwa 432,200 na kodi 38,260, zaidi ya mara nne ya ile ya haki. Mnunuzi kujitolea ankara kwa niaba ya muuzaji mdogo ni njia nzuri, lakini kutoa ankara ya nauli ya shilingi 100 kila siku kupitia *222# hakufanyiki pale kivuko cha Likoni kinaposhusha watu na foleni imefika barabarani. Turuhusuni ankara moja kwa mwezi kwa dereva mmoja, ikiwa na daftari la safari lenye tarehe, kiasi cha floti kilichonunuliwa na nauli. Kila safari itathibitika yenyewe, kwa sababu ununuzi wa floti wa siku hiyo umo kwenye taarifa ya laini, kwa saa na dakika.

Wakati tukisubiri majibu, tunawaelekeza mawakala wetu kubadilisha barua pepe kwenye PIN iwe yao, kupakua hati za zuio kila mwezi na kuzilinganisha na ujumbe wa malipo, kutofaili sifuri ikiwa hati hata moja ipo, na kuweka madaftari kwa miaka 5 kama Sheria ya Taratibu za Kodi inavyotaka. Waliokwisha kulipa zaidi tunawaandalia maombi ya marejesho, kwa kuwa sheria inawapa miaka 5 ya kudai. Maombi hayo yatafika mezani kwenu na mahesabu yake kamili, laini kwa laini.

Ritani za mwaka hufungwa tarehe 30 Juni. Tunaomba mwongozo kuhusu kamisheni na TOT utoke kabla ya Aprili, ili tupate miezi mitatu ya kurekebisha usajili wa walioingizwa kimakosa. Taarifa ya kamisheni inaweza kuanza na mwezi wowote mtakaochagua. Ikianza katikati ya mwaka, tupeni pia miezi iliyotangulia ya mwaka huo, kwa sababu ritani hujazwa kwa mwaka mzima.

Wenu katika kazi,

Watunza hesabu wa mawakala wa pesa za simu, Mombasa